Kushuka Mara Mbili: Pale Modeli Iliyozidi Ukubwa Inapoanza Tena Kukosea Kidogo

Kushuka mara mbili ni jina la umbo la mchoro. Mhimili wa mlalo wa mchoro huo huonyesha ukubwa wa modeli, yaani idadi ya vigezo ambavyo kompyuta inaruhusiwa kuvirekebisha inapojifunza kutokana na data. Mhimili wa wima huonyesha kosa ambalo modeli hiyo hulifanya inapopewa data mpya, ambayo haikuiona wakati wa mafunzo. Hilo ndilo huitwa kosa la majaribio. Kwa kawaida modeli inapoongezewa vigezo, kosa hilo hushuka kwanza, kisha hupanda mpaka kufikia kilele, na baada ya hapo, kinyume cha matarajio ya wengi, hushuka tena. Mara nyingine mteremko huu wa pili hufika chini kuliko ule wa kwanza.

Mahali pa kilele hapatokei kwa bahati. Ni pale modeli inapopata kwa mara ya kwanza uwezo wa kulingana na kila mfano wa mafunzo bila kukosea hata mmoja. Kabla ya hapo vigezo havitoshi, kwa hiyo modeli hulazimika kupita katikati ya data, ikikosea hapa kidogo na pale kidogo. Kuanzia hapo inaweza kukariri zote. Mpaka huo unaweza kuitwa kizingiti cha kukariri.

Vitabu vya takwimu vya kizazi kilichopita vilichora nusu tu ya mchoro huu. Vilieleza kwamba modeli ndogo hukosea kwa sababu haina uwezo wa kuufuata ukweli, na modeli kubwa hukosea kwa sababu hufuata hata uchafu ulioingia kwenye data: vipimo vilivyosomwa vibaya, lebo zilizoandikwa kimakosa, yaliyotokea kwa nasibu. Stuart Geman na wenzake waliieleza hoja hiyo kwa mitandao ya neva katika makala maarufu ya mwaka 1992. Ushauri uliotokana nayo ulikuwa mmoja: tafuta bonde lililo katikati, ukae hapo. Ushauri huo si uongo. Kasoro yake ni kwamba waliouzingatia hawakuwa na sababu ya kuvuka kilele ili kuona kilicho upande wa pili.

Waliovuka walivuka bila kukusudia. Wahandisi wa mitandao ya neva walikuwa wakiunda modeli zenye vigezo vingi kuliko mifano ya mafunzo, na modeli hizo zilifanya kazi vizuri. Mwaka 2017 Chiyuan Zhang na wenzake walionyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa la ajabu. Walichukua CIFAR-10, mkusanyiko wa picha 50,000 za mafunzo zilizogawanywa katika makundi 10, wakazipa picha hizo lebo za kubahatisha zisizo na maana yoyote. Mitandao ya kawaida ilizikariri zote. Kwa hiyo mitandao hiyo hiyo, ilipopewa lebo za kweli, ilikuwa na uwezo wote wa kukariri tu bila kuelewa lolote, lakini bado ilizitambua vizuri picha mpya. Mwishoni mwa mwaka 2018 Mikhail Belkin, Daniel Hsu, Siyuan Ma na Soumik Mandal walitoa makala, iliyochapishwa rasmi mwaka 2019, iliyounganisha bonde la zamani na mteremko mpya katika mchoro mmoja. Jina la kushuka mara mbili lilienea kutokana na makala hiyo. Kilele chenyewe kilikuwa kimeshaonekana: F. Vallet na wenzake walikichora mwaka 1989, na Robert Duin wa Delft, Uholanzi, alikichunguza katika miaka ya 1990. Ila wakati huo kilionekana kama kituko cha mahesabu.

Sababu ya kilele, na sababu ya kushuka baada yake, zinaweza kuonekana kwa risiti mbili za dukani. Tuseme kilo moja ya maharage inauzwa shilingi 3,000, na kilo moja ya mchele vilevile shilingi 3,000, lakini anayetafuta bei hizo hazijui. Ana risiti tu. Risiti ya kwanza ni ya kilo 1 ya maharage na kilo 1 ya mchele, jumla shilingi 6,000. Ya pili ni ya kilo 1 ya maharage na kilo 1.01 ya mchele. Jumla yake ilipaswa kuwa shilingi 6,030, lakini muuzaji amekosea kwa shilingi 60, akaandika 6,090. Hizo shilingi 60 ndizo uchafu wa data. Mtihani wa modeli ni kukadiria gharama ya kilo 1 ya maharage na kilo 2 za mchele, ambayo kwa bei za kweli ni shilingi 9,000.

Modeli ya kwanza ina kigezo kimoja tu: bei moja kwa kila kilo, iwe ya maharage au ya mchele. Haiwezi kulingana na risiti zote mbili kwa pamoja, hivyo huchagua bei inayopunguza kosa la jumla, nayo ni shilingi 3,015. Kwa kilo tatu inakadiria shilingi 9,045. Imekosea kwa shilingi 45.

Modeli ya pili ina vigezo viwili, bei ya maharage na bei ya mchele. Risiti ni mbili na vigezo ni viwili, kwa hiyo tumefika kwenye kizingiti cha kukariri, na jibu linalolingana na risiti zote ni moja tu. Tofauti kati ya risiti hizo ni kilo 0.01 ya mchele kwa shilingi 90, maana yake kilo nzima ya mchele ni shilingi 9,000. Ikiwa mchele ni 9,000 na jumla ya kilo moja moja ni 6,000, basi maharage yanauzwa kwa shilingi 3,000 chini ya sifuri, kana kwamba duka humlipa mteja ili ayachukue. Modeli hii haijakosea hata senti moja kwenye risiti ilizofunzwa, lakini kwenye mtihani inajibu shilingi 15,000. Kosa limekuwa shilingi 6,000, mara 100 ya kosa la muuzaji.

Hiyo mara 100 haikutoka hewani. Risiti mbili zinafanana mno, na kinachozitenganisha ni kilo 0.01 tu, hivyo kila shilingi ya uchafu iliyo katika tofauti yao inagawanywa kwa 0.01. Vigezo vinapolingana kwa idadi na mifano, hali ya namna hii haiepukiki kirahisi. Hata mifano ikichaguliwa kwa nasibu kabisa, karibu kila mara kunakuwa na mwelekeo mmoja ambao data imeugusa kidogo sana, na kwa kuwa jibu ni moja tu, modeli hulazimika kuugawanya uchafu wote wa mwelekeo huo kwa namba ndogo. Kilele ndiyo alama ya mgawanyo huo.

Sasa modeli ya tatu iongezewe kigezo ambacho kinaonekana hakina faida: bei ya mfuko. Kwenye risiti ya kwanza mteja hakuchukua mfuko, kwenye ya pili alichukua, na kwa kweli mifuko hutolewa bure. Kwa mtazamo wa zamani hili ni kosa juu ya kosa, kwa sababu modeli iliyokwisha kukariri kila kitu inaongezewa uwezo wa kukariri zaidi. Lakini jambo moja limebadilika. Vigezo ni vitatu na risiti ni mbili, hivyo majibu yanayolingana na risiti zote mbili hayana idadi, na lazima pawe na kanuni ya kuchagua mojawapo. Kanuni inayotumika sana ni kuchagua jibu lenye vigezo vidogo kuliko majibu mengine yote, yaani lile ambalo jumla ya miraba ya vigezo vyake ndiyo ndogo kabisa. Chini ya kanuni hiyo maharage yanapata shilingi 2,999.70, mchele 3,000.30, na mfuko karibu shilingi 60.

Kosa la muuzaji limehamia kwenye mfuko. Modeli bado imekariri risiti zote mbili pamoja na kosa lililomo, lakini kosa limepata mahali pa kukaa ambapo haligawanywi tena kwa 0.01. Kilo 1 ya maharage na kilo 2 za mchele sasa zinakadiriwa kuwa shilingi 9,000 na senti 30, au shilingi 9,060 mteja akichukua mfuko. Kwa vigezo kimoja, viwili na vitatu, kosa limekuwa shilingi 45, kisha 6,000, kisha si zaidi ya 60 na ushei. Kilele kimepandwa na kushukwa kwa risiti mbili.

Hapa pana jambo linalopotea katika maelezo mengi ya somo hili. Ukubwa peke yake hauponyi kitu. Kati ya majibu yasiyo na idadi ya modeli ya tatu, limo pia lile la mchele wa 9,000 na maharage ya 3,000 chini ya sifuri, mfuko ukiwa bure. Kilichosaidia ni ukubwa pamoja na kanuni ya kuchagua. Ukubwa unapanua uwanja wa majibu yanayolingana na data, na kanuni inachagua ndani ya uwanja huo jibu tulivu kuliko lolote lililowezekana pale kwenye kizingiti.

Kwa upande wa pili, kanuni hiyo ina gharama yake. Ikiwa bei za kweli zingekuwa shilingi 2,000 kwa maharage na 4,000 kwa mchele, modeli ya tatu bado ingezigawa karibu sawa, 3,000 kwa 3,000, kwa sababu mgawanyo sawa ndio wenye jumla ndogo ya miraba. Ingekadiria shilingi 9,000 kwa mtihani ambao jibu lake ni 10,000. Kosa la 1,000 ni dogo kuliko 6,000 za modeli ya vigezo viwili, lakini ni kosa, tena halitokani na uchafu wowote. Linatokana na modeli kupendelea jibu dogo pale data isiposema wazi.

Mchoro mzima, wenye gharama zote mbili, unaweza kuhesabiwa kwa mfano mkubwa kidogo. Belkin, Hsu na Ji Xu walipata kanuni kamili za kesi ambamo jibu la kweli linategemea vipimo 100 vya nasibu, mifano ya mafunzo ni 40, na modeli inaruhusiwa kutumia baadhi tu ya vipimo hivyo. Tuseme vipimo vyote vina uzito sawa, nguvu yao ya jumla ni 1, na uchafu una nguvu ya 0.04. Modeli isiyotumia kipimo chochote ina kosa la 1.04. Ikitumia vipimo 20 kosa hupanda hadi 1.72; vipimo 30, 3.2, vipimo 38, karibu 26. Kwenye 40 yenyewe kosa la wastani halina kikomo. Kisha mteremko unaanza: vipimo 42 hurudisha kosa la karibu 25, vipimo 50 hulifikisha 3.0, vipimo 60 hulifikisha 1.57, vipimo 80 hulifikisha 0.89, na vipimo vyote 100 hulifikisha 0.67. Modeli bora kuliko zote iko upande wa pili wa kilele.

Katika ile 0.67 ya mwisho, 0.60 ni gharama ya kanuni ya kuchagua, kwa sababu mifano 40 haiwezi kueleza mielekeo 100, na modeli huiacha sifuri ile mielekeo ambayo data haikuigusa. Uchafu unachangia 0.07 tu. Karibu na kilele mambo yalikuwa kinyume chake, kwani karibu kosa lote lilitokana na kukuzwa kwa uchafu pamoja na mchango wa vipimo visivyotumika, ambao kwa modeli ni sawa na uchafu. Mteremko wa pili basi ni mabadilishano: modeli inakubali kupoteza sehemu ya ukweli, nayo inaacha kuyumbishwa na uchafu.

Katika kesi hii hapakuwa na bonde la kwanza kabisa. Kosa lilipanda tangu mwanzo, kwa sababu hakuna kipimo kilichokuwa na uzito kuliko kingine. Bonde hutokea pale vipimo vichache vya kwanza vinapobeba sehemu kubwa ya ukweli. Katika hali hiyo modeli ndogo iliyochaguliwa kwa ujuzi inaweza kuishinda modeli kubwa. Kushuka kwa pili kunaweza kuwepo bila kufika chini ya kule kwa kwanza.

Mitandao ya neva haina fomula rahisi kama hiyo, lakini mambo mawili yanaifanya ifanane na mfano wa risiti. La kwanza ni kanuni ya kuchagua. Hakuna anayeiandika, ila njia ya mafunzo inaileta yenyewe. Mafunzo huanza na vigezo vidogo na kuvisogeza hatua kwa hatua kuelekea upande unaopunguza kosa. Kwa modeli za mstari kama ile ya bei, imethibitishwa kwamba ukianza kwenye sifuri, njia hiyo huishia hasa kwenye jibu lenye jumla ndogo kabisa ya miraba. Kwa mitandao yenye tabaka nyingi uthibitisho wa jumla kama huo haupo, lakini mwelekeo wa kupendelea majibu yaliyo tulivu unaonekana katika majaribio.

La pili ni kilele chenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019 Preetum Nakkiran na wenzake walifundisha mitandao ya aina ya ResNet18 kwa picha za CIFAR-10, wakibadilisha upana wake kuanzia 1 hadi 64, huku 64 ikiwa ndiyo upana wa kawaida. Asilimia 15 ya lebo za mafunzo ziliharibiwa kwa makusudi. Kosa la majaribio lilishuka, likapanda muda mrefu kabla ya upana wa 64, pale mtandao ulipoanza kuweza kukariri hata lebo zilizoharibiwa, kisha likashuka tena. Kiasi cha uharibifu kilikuwa na maana kubwa: lebo zilipoachwa safi, kilele kilififia au hakikuonekana. Hilo linakubaliana na risiti, kwani muuzaji asingekosea, modeli ya vigezo viwili ingepata bei za kweli na kusingekuwa na uchafu wa kukuzwa.

Kikundi hicho kilionyesha pia kwamba muda wa mafunzo unaweza kuchukua nafasi ya ukubwa. Mtandao mkubwa uliofundishwa kwa muda mfupi hufanana na modeli ndogo, kwa hiyo mafunzo yanapoendelea kosa linaweza kushuka, kupanda, na kushuka tena katika mtandao ule ule mmoja. Anayesitisha mafunzo mara tu kosa linapoanza kupanda huenda amelala chini ya kilima ambacho upande wake wa pili ni bonde la chini zaidi. Au huenda upande huo hauna bonde. Njia ya kujua ni kuendelea na kupima.

Tokeo gumu zaidi kukubalika linahusu data. Kizingiti kiko pale vigezo vinapolingana na mifano, kwa hiyo kinaweza kufikiwa pia kwa kuongeza mifano huku ukubwa ukibaki vilevile. Katika kanuni za Belkin na wenzake, modeli yenye vipimo 40 iliyofunzwa kwa mifano 20 ina kosa la 1.5. Ikipewa mifano 42, kosa linaruka hadi 26, na ikipewa mifano 80, linashuka hadi 1.3. Data zimeongezeka zaidi ya mara mbili na modeli imeharibika. Mtu anayeona jambo kama hilo kwa mara ya kwanza hutafuta hitilafu kwenye programu yake, na mara nyingi ni sawa afanye hivyo. Dalili ya kilele, tofauti na hitilafu, ni tatu kwa pamoja: kosa la mafunzo ndiyo kwanza limefika sifuri, vigezo vimekuwa vikubwa ghafla kwa thamani, na modeli mbili zilizofunzwa kwa sehemu tofauti za data hiyo hiyo zinatoa majibu yasiyokaribiana.

Kilele kina dawa, tena ya zamani kuliko jina lake. Badala ya kupunguza kosa la mafunzo peke yake, modeli hutozwa adhabu ndogo kulingana na jumla ya miraba ya vigezo vyake. Turudi kwenye modeli ya vigezo viwili, ile ya maharage ya bei hasi. Ikitozwa adhabu ya 0.01 tu, inaacha kulingana na risiti kikamilifu, na bei inazotoa ni shilingi 2,985 kwa maharage na 3,030 kwa mchele. Makadirio ya mtihani yanakuwa shilingi 9,045, sawa na ya modeli ya kigezo kimoja. Kosa la 6,000 limetoweka bila kuongeza kigezo chochote. Mwaka 2020 Nakkiran na wenzake walithibitisha kwamba katika modeli za mstari zenye vipimo vya nasibu visivyopendelea upande, adhabu ikipangwa kwa kipimo bora, kosa halipandi tena modeli inapokua wala data zinapoongezeka. Kwa maana hiyo ule mfuko wa dukani ulikuwa adhabu iliyojificha: vigezo vya ziada hufanya kazi ile ile ya kuzuia mgawanyo kwa namba ndogo.

Kuna anayepinga pia hesabu ya mhimili wa mlalo. Mwaka 2023 Alicia Curth, Alan Jeffares na Mihaela van der Schaar walionyesha kwamba katika majaribio kadhaa ya awali yasiyo ya mitandao ya neva, mhimili huo uliunganisha aina mbili za ukuaji, na vigezo vikihesabiwa kwa athari yake halisi badala ya idadi yake, mchoro hurudi kuwa bonde moja la kawaida. Pingamizi hilo ni zito. Linaonyesha kwamba takwimu za zamani hazikubomolewa, bali kipimo cha ukubwa kilichotumika ndicho kisichofaa. Kwenye risiti, modeli yenye bei tatu ilikuwa tulivu kuliko yenye bei mbili, na idadi ya vigezo pekee haikuweza kulionyesha hilo.

Kwa hiyo anayechagua ukubwa wa modeli kwa kupima kosa la majaribio apime pande zote mbili za kizingiti, na aweke adhabu ndogo kabla ya kulaumu ukubwa.